Usaili wa wahasibu: tunapima kukariri, makosa yanapita mlangoni

Wadau, leo nataka kugombana kidogo na mabosi. Siyo wale wakubwa wa serikalini, hao wana siku yao. Nawasema nyinyi wenye maduka ya jumla Tandika, maghala Mbagala, viwanda vidogo Chang'ombe na ofisi za ghorofa mbili Kinondoni, mnaotangaza nafasi ya mhasibu, mnapokea bahasha mia na zaidi, halafu kwenye usaili mnamuuliza mtu: "Tuambie maana ya usuluhisho wa benki."

Mimi shahada yangu ni ya biashara, magazeti niliyafuata baadaye, na bado niko karibu na wenzangu niliosoma nao. Swali hilo wameulizwa wote. Jibu lake liko kwenye madaftari ya mwaka wa kwanza na aliyelikariri analitoa bila kumeza mate: ni kulinganisha daftari la fedha la ofisi na taarifa ya benki na kueleza tofauti. Haya, amepata. Umejua nini kuhusu huyo mtu? Umejua ana kumbukumbu nzuri. Kasuku naye anayo.

Nasema hivi: mpe karatasi mbili na kalamu, umwachie dakika ishirini. Nitatoa mfano, na tarakimu ni zangu, ila kila mhasibu wa mjini atazitambua.

Tuseme ni duka la jumla la soda na saruji. Tarehe 31 Mei, Jumamosi, daftari la fedha linasema benki kuna shilingi 6,340,000. Taarifa ya benki ya siku hiyo hiyo inasema 7,018,000. Benki ina 678,000 zaidi. Bosi anafurahi, kumbe tuna hela! Taratibu bosi.

Anayejua kazi haikimbilii hiyo 678,000, maana hiyo ni mchanganyiko wa mambo kadhaa yanayovutana. Anaweka tiki mstari kwa mstari, kitabu kwa taarifa, kisha anatazama vilivyobaki bila tiki. Anakuta hundi ya 900,000 aliyopewa msambazaji tarehe 29, bado hajaipeleka benki. Anakuta mauzo ya Jumamosi, 450,000, yaliyoandikwa kitabuni lakini benki haijayaona. Kwa hiyo anasahihisha upande wa benki: 7,018,000 toa 900,000, jumlisha 450,000, unapata 6,568,000. Hicho ndicho kiasi halisi, kama hayo mawili ni ya kweli.

Sasa upande wa kitabu. Benki imekata gharama zake 22,000 ambazo ofisini hakuna aliyeziandika. Kuna mteja wa Kigamboni amelipa deni lake 520,000 moja kwa moja kwenye akaunti, nayo haikuandikwa. 6,340,000 toa 22,000 jumlisha 520,000 ni 6,838,000. Benki 6,568,000, kitabu 6,838,000. Bado 270,000 haijulikani iliko.

Hapa ndipo wahasibu wanapoachana njia. Wa kwanza anaandika "gharama nyinginezo 270,000", anafunga, saa kumi na moja yuko kituoni anasubiri daladala. Wa pili anaitupia kwenye ile akaunti ya kusubiria, sasipensi, ambako inakaa mpaka mkaguzi aje. Wa tatu anaigawa kwa 9.

Siyo uganga. Mtu akigeuza tarakimu mbili zilizo jirani, akaandika 36 badala ya 63, tofauti yake lazima igawanyike kwa 9 bila baki. 270,000 inagawanyika. Ukiigawa kwa 90,000 unapata 3, maana yake unatafuta tarakimu mbili zilizoachana kwa 3 zikabadilishana nafasi kwenye malaki na makumi elfu: 41 na 14, 52 na 25, 63 na 36. Halafu unajiuliza upande. Kitabu kimezidi, kwa hiyo ama mapato yameandikwa makubwa kuliko yalivyo, ama malipo yameandikwa madogo. Badala ya kupekua mistari mia mbili, unatafuta michache tu. Na hii hapa: malipo ya mzigo wa saruji, benki imetoa 630,000, kitabuni yameandikwa 360,000. Unatoa 270,000, kitabu kinakuwa 6,568,000. Vimekutana.

Ila ngoja, msije mkaondoka na hirizi. Tofauti inayogawanyika kwa 9 inaweza pia kuwa sifuri iliyoongezwa: 30,000 iliyoandikwa 300,000 inatoa 270,000 hiyo hiyo. Na inaweza kuwa bahati tu, au makosa mawili yaliyojumlishwa. Kwa hiyo kugawa kwa 9 kunakuonyesha pa kuanzia. Kosa unalithibitisha kwa karatasi ya malipo yenyewe.

Swali la pili la usaili linatoka hapo hapo: kati ya mambo hayo matano, ni mangapi yanaandikwa vitabuni? Matatu tu. Gharama za benki, fedha za mteja, na sahihisho la 630,000. Hundi na mauzo ya Jumamosi tayari yako kitabuni, yanasubiri benki. Mtu akikuambia anayaandika yote matano, amekariri umbo la ile jedwali bila kujua linafanya nini.

Na la tatu, ambalo kwangu ndilo la maana: kati ya hayo matano, lipi linakunyima usingizi? Wengi watasema hundi, kwa kuwa ni kubwa. Mimi nasema ile 450,000. Hundi ikikaa, msambazaji atapiga simu mwenyewe. Lakini fedha "zilizopelekwa benki" Jumamosi lazima zionekane kwenye taarifa ya siku za mwanzo za Juni. Zikionekana tarehe 10, kuna mtu alikuwa amezishika muda wote huo. Zikikosekana kabisa, na mwisho wa Juni pakawepo nyingine kama hizo, kubwa kidogo, basi keshia anaziba shimo la mwezi uliopita kwa mauzo ya mwezi huu. Kwa hiyo mhasibu mzuri hatoki mezani kabla hajaomba taarifa ya benki ya wiki ya kwanza ya Juni, pamoja na karatasi ya benki yenye mhuri. Na angeuliza pia: daftari hili anaandika nani, na usuluhisho anafanya nani? Akijibiwa ni mtu mmoja, hapo usuluhisho ni kujisahihishia mtihani. (Siku hizi ongeza na lipa namba za simu, maana duka lina akaunti tatu na mwenye duka anasuluhisha moja.)

Tuje kwenye kufunga mwezi, ambako usaili unazama kabisa. Pale pale dukani, tarehe 30 Mei umeshuka mzigo wa soda wa 3,200,000. Ankara ya msambazaji imefika tarehe 4 Juni, ikaandikwa Juni. Lakini tarehe 31 vijana walihesabu stoo na soda zile zikahesabiwa. Mali imo, deni halimo. Mauzo ya Mei ni 40,000,000, na duka hili kawaida linapata faida ghafi ya asilimia 12, yaani 4,800,000. Mei linaonyesha 8,000,000, asilimia 20. Juni, kwa mauzo yale yale, litaonyesha 1,600,000, asilimia 4. Bosi atacheka Mei na kufukuza mtu Juni, wakati biashara haijabadilika hata kidogo.

Usuluhisho wa benki hauwezi kuliona kosa hili, kwa sababu hakuna senti iliyopita benki. Linaonekana kwa kutazama asilimia mwezi kwa mwezi, na kwa kuchukua hati za kupokelea mzigo za siku tano za mwisho na kuuliza kila moja: ankara yako iko wapi? Kama haijafika, andika deni kwa makadirio kabla ya kufunga. Mweke mtahiniwa mbele ya 12, 20 na 4, umuulize kimetokea nini. Akisema "Mei mauzo yalikuwa mazuri", mshukuru na umpe nauli.

Nimewahi kumwambia haya bosi mmoja, akanijibu kwamba wale wenye CPA wamekwisha kupimwa na Bodi, NBAA, yeye kwa nini ahangaike? Kwanza, kazi nyingi mnazotangaza hamtaki CPA, mnataka mtu wa bei nafuu. Pili, hata kwenye nyumba iliyojaa watu waliosoma, hesabu zinaweza kukubaliana na fedha zikawa zimekwenda.

Kumbukeni EPA. Ile akaunti ya Benki Kuu ilikuwa ya madeni ya nje ya miaka ya nyuma: waagizaji wa bidhaa walilipa shilingi zao hapa, nchi ikakosa fedha za kigeni za kuwalipa wauzaji wa nje. Utaratibu ulimruhusu mdai wa nje kuhamishia haki yake kwa mtu mwingine. Mwaka wa fedha 2005/06 kampuni zilijitokeza na hati za kuhamishiwa madeni, zikalipwa. Deloitte & Touche, waliokuwa wakikagua hesabu za mwaka huo, ndio walioanza kuona tatizo. Ukaguzi maalumu wa Ernst & Young, uliotangazwa na Ikulu Januari 2008, ulikuta takriban shilingi bilioni 133 zimelipwa isivyostahili kwa kampuni 22. Kampuni 13 kati ya hizo, zilizolipwa bilioni 90 na ushei, zilitumia nyaraka za kughushi. Nyingine 9 zilikuwa na upungufu wa nyaraka za kuthibitisha madai. Uteuzi wa Gavana Daudi Ballali ukatenguliwa.

Sasa nielezeni, usuluhisho ungekamata nini pale? Malipo yakishatoka kweli, na kuandikwa kweli, kiasi kile kile na tarehe ile ile, pande zote mbili zinasema kitu kimoja. Usuluhisho unalinganisha maandishi na maandishi, hauulizi kama deni lilikuwepo. Hilo anaulizwa mdai mwenyewe, kwa barua inayotumwa kwenye anwani uliyoitafuta wewe, siyo ile iliyochapwa juu ya hati aliyoileta mwenye kudai.

Duka la Tandika lina EPA yake ndogo: msambazaji hewa anayelipwa 300,000 kila mwezi, ankara ipo, malipo yapo, benki inakubali. Kwa hiyo swali langu la mwisho kwa mtahiniwa lingekuwa hili: "Usuluhisho umekubali mpaka shilingi ya mwisho. Ni kitu gani bado kinaweza kuwa kibovu?" Atakayesema "hakuna" arudi nyumbani na vyeti vyake vyote. Atakayeomba orodha ya wasambazaji, namba zao za simu na namba zao za akaunti, kisha aziweke pembeni ya namba za akaunti za wafanyakazi, huyo muulizeni anaweza kuanza lini.