Kumyuti eks hakutoshi
Wasee, kumyuti eks kwa WhatsApp ni kujidanganya. Status yake inashuka tu chini, na wewe unajua iko. Halafu ulishazima tiki za bluu, kwa hivyo jina lako halionekani kwa walioangalia. Kuchungulia ni bure, na kwa sababu Status inapotea baada ya saa 24, unarudi mara kumi kwa siku ukiogopa ikupite.

Futa namba yake. Status huonekana tu kama nyote wawili mmeseviana, kwa hivyo hata akiposti Diani na mtu mpya, kwako hakuna kitu. Siku za kwanza kidole kitaenda chenyewe, kikose. Anayebaki ni beste yako wa kukutumia skrinshoti, "cheki tu." Huyo mwambie leo, kabla ya wikendi.