TAHARIRI: Biashara ikifungwa, mwajiri aelezwe ilivyofungwa

Wafanyabiashara wadogo wa mipakani wanaofunga biashara na kuomba kazi ya mshahara hukwama katika swali moja la usaili: kwa nini biashara ilikwisha? Wengi hujibu kwamba mtaji ulikata, kisha wakanyamaza. Wengine huificha kabisa miaka ile katika wasifu wao, na karatasi ikaonyesha kana kwamba walikaa nyumbani. Majibu yote mawili yanawaponza.

Mwajiri anapouliza hivyo, mara nyingi hatafuti kumwaibisha mtu. Ana hofu tatu. Ya kwanza ni kwamba mwombaji ataondoka mara tu atakapopata mtaji mwingine. Ya pili ni kwamba wadai watamfuata hadi ofisini, naye atashawishika kugusa fedha za kazi. Ya tatu ni kwamba biashara ilikufa kwa sababu mwenyewe hakujua hesabu. Jibu zuri huziondoa hofu hizo moja baada ya nyingine, na kila neno lake liwe linaweza kuthibitishwa.

Tuchukue mfano wa mama aliyenunua mahindi upande wa Arusha na kuyauza Kenya kupitia Namanga. Machi 5, 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Siku chache baadaye mpaka ulifunguliwa, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kuwa sumukuvu haizidi kiwango kilichowekwa, na mahali mahindi yalikolimwa pajulikane. Kwa mwenye magunia hamsini yaliyokusanywa kwa wakulima kumi tofauti, masharti hayo yalikuwa mazito kuliko katazo lenyewe.

Mama huyu akiomba kazi ya kusimamia ghala la nafaka, asiseme tu kwamba serikali ilimfilisi. Mwajiri anajua wapo waliopita tukio hilohilo wakabaki sokoni. Aseme na lililokuwa lake: "Nilifanya biashara ya mahindi tangu 2016 hadi Agosti 2021. Zuio lilikuta mzigo wangu njiani na nusu ya mtaji ukiwa mikononi mwa wateja niliowakopesha. Sikuwa na akiba ya kulipia vipimo. Niliuza mizani na maturubai, nikamlipa mwenye ghala shilingi 800,000 alizokuwa akinidai, nikafunga. Sidaiwi."

Jibu hilo ni fupi, lakini lina tarehe, lina sababu, lina kosa la mikopo lililokubaliwa bila kulia, na lina mwisho wa deni. Abakishe sentensi moja ya kuelekea mbele: kwamba anajua kukagua unyevu wa mahindi, kuhesabu upungufu wa magunia na kuzungumza na forodha, na kwamba anataka kuifanya kazi hiyo kwa mshahara. Kama bado anauza kitu jioni au siku ya gulio, aseme mapema. Likigundulika baadaye, huonekana ni mgongano wa maslahi.

Ushahidi ndio wengi wanaoukosa, ilhali wanao majumbani. Nakala za cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 zinaonyesha tarehe na aina ya mzigo. Taarifa ya miamala ya simu inaonyesha mzunguko wa fedha. Daftari la mauzo, hata likiwa na madoa ya mafuta, linaonyesha kwamba mtu anaweka kumbukumbu. Kwa mdhamini, wakala wa forodha au muuzaji wa jumla aliyelipwa deni lake ana uzito kuliko ndugu.

Kosa kubwa zaidi ni kufunga mlango bila kuijulisha mamlaka ya mapato. Kwa mamlaka, biashara hiyo bado ipo. Nchini Kenya, mtu binafsi asiyewasilisha ritani kwa wakati hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000 kwa mwaka, hata kama hakuuza kitu. Mwajiri akitaka cheti cha ulipaji kodi, ndipo muombaji anagundua deni alilodhani alilizika. Barua ya kufunga biashara iandikwe wiki ileile ya kufunga, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa itunzwe.

Waajiri nao wana wajibu. Anayeuliza tu kwa nini biashara ilikwisha hupata kisingizio. Anayeuliza ni nani waliokuwa wakidai, na walilipwaje, humjua mtu aliye mbele yake.