KAULI YA TAWI: HATUTATIA SAHIHI BARUA YA KUFUNGA KITUO CHA SINDANO



Tangu wiki jana kuna barua inazungushwa humu ikitutaka tutie sahihi kituo kinachowapa mateja sindano mpya katika wadi yetu kifungwe. La sivyo, inasema, kila mtu apewe sindano moja tu kwa kila moja anayorudisha. Kamati imekaa na kuisoma. Hatutatia sahihi, nanyi tunawaomba msome haya kwanza.

Barua inadai kwamba teja anayetaka kujikinga anaweza kusuuza bomba kwa maji. Si kweli. Anayejidunga huvuta kwanza damu kidogo ili ajue amepata mshipa, kisha husukuma. Hata akisukuma mpaka mwisho, inabaki nafasi ndogo karibu na sindano ambayo haitoki kitu. Bomba la kawaida la hospitali, lile ambalo sindano huchomolewa, hubakiza mikrolita 80 hivi, kama tone moja na nusu. Bomba dogo la insulini, lenye sindano iliyoshikamana nalo, hubakiza mikrolita 2 tu. Ndiyo sababu inafaa kituo kitoe haya madogo. Katika maabara, virusi vya homa ya ini aina ya C vimeweza kuishi ndani ya bomba lenye nafasi kubwa hadi siku 63. Vya Ukimwi hufa mapema zaidi kwenye joto kama letu la Pwani, lakini maskani hakuna anayesubiri siku. Bomba hupita mkono hadi mkono kwa dakika chache, pamoja na kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia, na homa ya ini hupita humo pia.

Kabla ya mpango wa sindano kuanza nchini, makadirio ya taifa yalikuwa kwamba takriban watu 18 katika kila 100 wanaojidunga wana virusi vya Ukimwi. Hao wana wake, waume na watoto, na wengi wao ni wa mitaa yetu hii.

Sasa hilo la "moja kwa moja" linaonekana la haki. Tupige hesabu. Chukua mtu anayejidunga mara tatu kwa siku, na kituo kinafungwa wikendi. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi atahitaji sindano 8. Amekuja na mbili, kwa kuwa nyingine alizitupa alipoona polisi. Anapewa mbili. Mara sita zilizobaki atatumia kuukuu yake au ya mwenzake, kwa sababu arosto haimpi mtu nafasi ya kungoja Jumatatu. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la sindano 300 kwa mtu kwa mwaka, na huyu hutumia zaidi ya 1,000. Kwa hiyo hata lengo lenyewe ni dogo, na barua inataka tulipunguze!

Tunakubali kwamba sindano zinazotupwa vichochoroni ni hatari kwa watoto wetu. Waliolalamika wana haki. Lakini sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inamtia hatiani hata anayekutwa na kifaa cha kutumia dawa hizo, basi teja hutupa sindano mara tu amalizapo. Kituo kikifungwa, zitatupwa zile zile, tena zikiwa zimepita mikononi mwa watu wengi zaidi.

Waliowahi kukosa kituo tunajua yaliyowapata. Mwaka 2015, katika kaunti ndogo ya Scott, jimbo la Indiana, Marekani, zaidi ya watu 180 waligunduliwa na virusi vya Ukimwi kwa kuchangia sindano, mahali ambapo zamani walikuwa hawafiki watano kwa mwaka. Serikali ya jimbo, ambayo ilikuwa ikipinga, ilibidi iruhusu sindano zigawiwe.

Sindano peke yake haitoshi kwa homa ya ini aina ya C. Ikiunganishwa na methadoni, kama ile inayotolewa Kisauni, maambukizi mapya yamepungua kwa zaidi ya thuluthi mbili katika tafiti zilizokusanywa. Na kituo ndipo teja anapokutana na mtu wa kumpeleka huko.

Tutakachomwomba mwakilishi wadi ni hiki: kituo kifunguliwe Jumamosi, kila anayechukua apewe kisanduku kigumu cha kurudishia, na mkuu wa kituo cha polisi aitwe kikao kimoja na wahudumu. Pia tupewe hesabu kila mwezi. Bomba zikirudi alama zake za mililita zimefutika, tutajua zinatumika mara nyingi na kwamba zinazotolewa ni chache.

Kikao ni Jumapili baada ya alasiri, pale pale ofisini. Mwenye barua aje nayo.

Kamati ya Tawi