Mishale miwili iliyo sawa haijasema mkokoteni umesimama

Jamani, leo nina dukuduku, na ni la fizikia. Wasiopenda hesabu wasikimbie, zimo chache tu na nyingi ni za kujumlisha na kutoa.

Jioni huwa nafundisha tuisheni vijana wachache wa sekondari huku nje ya chuo, angalau nauli na vocha zipatikane. Wiki hii mmoja kaniletea karatasi ya jaribio iliyosahihishwa. Kuna mchoro wa kisanduku chenye mshale wa 120 N unaoelekea kulia na mwingine wa 120 N unaoelekea kushoto. Mwanafunzi achague moja: kisanduku kinaongeza mwendo, kimesimama, au kinakwenda kwa kasi ileile. Jibu la msahihishaji: kimesimama. Kijana alikuwa ameandika pembeni, kwa penseli, kwamba kinaweza kuwa kimesimama au kinakwenda kwa kasi ileile, mchoro hausemi. Kakatwa alama mbili. Kwa maoni yangu kijana yuko sahihi na swali ndilo bovu, na maswali ya namna hii yapo mengi mno.

Tuachane na kisanduku, maana hakuna anayesukuma visanduku. Chukua mkokoteni wa magunia, ule wa kila siku sokoni, wenye kilo 240 pamoja na mzigo. Dunia inauvuta chini kwa kani ya takriban 2,400 N, na lami inausukuma juu kwa 2,400 N hizohizo. Hiyo mishale miwili ichore halafu iache, inafutana. Habari iko kwenye mishale ya ulalo: mkono wa mwenye mkokoteni unaosukuma mbele, na msuguano wa matairi na ekseli unaorudisha nyuma. Tuseme mkokoteni ukishaanza kutembea msuguano huo ni 120 N.

Jamaa anasukuma kwa 180 N. Toa 120, inabaki 60 N kuelekea mbele. Hiyo inayobaki ndiyo kani tokeo. Igawe kwa kilo 240 upate mchapuko, a = F/m, yaani 0.25. Maana yake kila sekunde inayopita mkokoteni unaongeza kasi kwa mita 0.25 kwa sekunde. Baada ya sekunde 4 unakwenda mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Inamtosha, hataki kukimbia na magunia. Anapunguza kusukuma mpaka 120 N.

Sasa chora tena: 120 mbele, 120 nyuma, kani tokeo sifuri. Ni mchoro uleule wa kwenye jaribio! Na mkokoteni unatembea, mita 1 kila sekunde, mpaka wapita njia wanaupisha. Kani tokeo ikiwa sifuri maana yake ni kwamba hali ya mwendo haibadiliki. Uliosimama utaendelea kusimama, uliokuwa unatembea utaendelea na kasi ileile upande uleule. Isaac Newton aliiweka hii kuwa kanuni ya kwanza katika kitabu chake cha mwaka 1687. Kwa hiyo mchoro peke yake hautoshi, lazima uambiwe pia kitu kilikuwa kinafanya nini kabla. Swali lisilokuambia hilo linakuomba ubahatishe.

Endelea na jamaa yetu. Amefika, anaachia mikono. Mshale wa mbele unafutika, unabaki wa msuguano tu, 120 N kuelekea nyuma. Je, mkokoteni unarudi nyuma? Hapana, bado unakwenda mbele huku ukipunguza mwendo. Gawa 120 kwa 240, upate 0.5. Kutoka mita 1 kwa sekunde utasimama baada ya sekunde 2, ukiwa umesogea mita 1 zaidi. Katika sekunde hizo mbili kani tokeo inaelekea huku na mwendo unaelekea kule. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanausoma mshale kama kibao cha njia. Mshale wa kani tokeo unaonyesha mwendo unabadilika kuelekea wapi, hauonyeshi kitu kinaenda wapi.

Mpe mwanafunzi hali hii ya kuachia, uone anachochora. Atachora mshale wa mbele na kuuandika "nguvu ya mwendo", kwa sababu moyoni anaona kitu hakiwezi kwenda mbele bila kani ya mbele. Nadhani lugha yetu nayo inachangia kidogo. Neno "nguvu" tunalitumia kwa msukumo wa mkono, tunalitumia pia kwa kitu kinachokuja kwa kasi: "gari limekuja na nguvu". Dawa ninayotumia ni kuuliza kila mshale una mwenyewe nani. Wa chini mwenyewe ni dunia, wa juu ni lami, wa nyuma ni lami na ekseli. Huo wa "nguvu ya mwendo" nani anausukuma? Mikono imeshaachia. Hauna mwenyewe, ufutwe. Nimeona mtu akifuta mshale huo kwa shingo upande, lakini akishafuta hesabu inakaa sawa yenyewe.

Kuna mtego mwingine, na huu unawanasa hata wanaojua kukokotoa. Mkokoteni umesimama. Anakuja mtoto, anausukuma kwa 80 N, hautikisiki. Mwanafunzi mwenye haraka anachukua ile 120 ya msuguano, anatoa 80, anapata 40 N kuelekea nyuma, halafu anaandika kwamba mkokoteni unarudi kumfuata mtoto. Ndugu zangu, umeshaona wapi? Kitu kikiwa kimesimama msuguano hauna kiasi chake maalumu, unajibu kile unachopewa. Mtoto akisukuma kwa 80, unarudisha 80. Akisukuma kwa 50, unarudisha 50. Hali ni hiyo mpaka kikomo chake kifike, na hapo ndipo gurudumu linapoanza kuzunguka. Kwa hiyo kwenye kitu kilichosimama tunakwenda kinyumenyume: tunajua kimesimama, tunajua kani tokeo ni sifuri, na kutoka hapo ndipo tunapata ukubwa wa msuguano. Ukiona jibu lako linafanya msuguano uanzishe safari, kuna mshale umeuchora kwa ukubwa usio wake.

Kwa hiyo watungaji wa maswali, ombi langu ni dogo. Ongezeni sentensi moja tu juu ya mchoro: "Mkokoteni ulikuwa umesimama" au "Mkokoteni ulikuwa tayari unatembea kuelekea kulia". Basi. Au kama hamtaki kuongeza, wekeni na chaguo la "mchoro hautoshi kuamua", na anayelichagua apewe alama zake zote. Swali hilo lingepima uelewa zaidi ya hilo la sasa, linalompa alama mtu aliyekariri kwamba mishale ikilingana kitu kimesimama.

Na mkishaanza kurekebisha, tazameni na hayo maneno "kasi ileile". Daladala linaweza kuzunguka kipilefti na sindano ya spidi isisogee hata kidogo, wakati kani tokeo si sifuri kabisa. Lami inayasukuma matairi kuelekea katikati ya kipilefti muda wote, na abiria mliosimama mnajua vizuri namna mnavyoegemeana. Kasi ni ileile, upande ndio unaobadilika, na hiyo nayo inahesabika kuwa mchapuko. Kwa hiyo andikeni "kasi ileile kwenye mstari ulionyooka".