Riba Hupanda na Nduthi, Hurudi kwa Miguu

Wasee, kila Benki Kuu ikitangaza riba, kuna mtu hapa atakomenti kwamba hizo ni stori za matajiri wa Westlands, mkulima mdogo haimhusu. Leo nataka kumaliza hii maneno. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, sina karatasi ya uchumi, lakini kalkuleta ya simu ninayo na wewe pia unayo.

Nitakupa hadithi. Huyu mama nimemtunga na benki yake pia nimeitunga. Tarehe za Benki Kuu ni za kweli, na hesabu unaweza kuirudia mwenyewe.

Mama Njeri anafuga Dagoretti, kwenye ploti ndogo ambayo majengo ya gorofa yanaisogelea kila mwaka. Maziwa yake huingia na matatu ya alfajiri hadi River Road, kwenye hoteli mbili za chai, wanampa shilingi 60 kwa lita. Mapema Juni 2023 akachukua mkopo wa shilingi 500,000: ng'ombe wawili wa gredi, banda na mashine ya kukata nyasi. Miaka mitano, riba asilimia 14. Kwenye mkataba hiyo 14 iliandikwa kama jumla ya vitu viwili, yaani kima cha Benki Kuu, ambacho wakati huo kilikuwa 9.5, na nyongeza ya benki ya 4.5. Malipo yalikuwa 11,634 kwa mwezi.

Hakukaa hata mwezi. Tarehe 26 Juni 2023 Benki Kuu, chini ya Gavana mpya Kamau Thugge, ikapandisha kima hadi 10.5. Desemba ikaruka hadi 12.5. Februari 2024 ikafika 13. Na hapa sitawadanganya ndio nipate laiki: sababu zilikuwepo. Dola ilikuwa imegonga karibu shilingi 160 mwezi wa Januari, na dola ikipanda, dairy meal inapanda, mafuta ya matatu yanapanda. Kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imerudi karibu 130. Huyu mama alinufaika na hiyo pia, kwenye gunia la chakula cha ng'ombe. Kwa hivyo sina kesi na Gavana kwa kupandisha.

Kesi yangu inaanza kwa meseji. Aprili 2024, baada ya kulipa mara tisa, Mama Njeri anaambiwa riba sasa ni 17.5 na malipo ni 12,438. Tofauti ni shilingi 804 kila mwezi. Najua kuna mtu anacheka, anasema 804 ni nini. Ni lita kumi na tatu na zaidi za maziwa, kila mwezi, kwa miezi 51.

Akaenda kulia benki. Kijana wa dawati la mikopo, mpole sana, akamwambia: "Mama, tunaweza kukusaidia. Endelea kulipa ile yako ya zamani, sisi tunaongeza muda kidogo tu."

Hii ndio sehemu inaniuma. Inasikika kama huruma, na watu wengi wangesaini hapo hapo na kusema asante. Yeye akasema atafikiria, akashuka hadi River Road kuchukua pesa ya maziwa. Keshia wa hoteli, msichana wa rika langu, akamwambia, "Hebu keti, mama, tupige hesabu."

Deni lililobaki lilikuwa kama 445,300. Ukigawanya 17.5 kwa miezi 12, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni karibu 6,494. Kwa riba ya zamani ingekuwa 5,195. Kwa hivyo akibaki na malipo ya 11,634, pesa inayopunguza deni lenyewe inashuka kutoka kama 6,440 hadi 5,140. Deni linaanza kutambaa. Badala ya miezi 51 iliyobaki, atalipa karibu 57, na mwishowe atakuwa ametoa kama 63,000 zaidi ya mpango wa kwanza. Akikubali kulipa 12,438, nyongeza yote itakuwa kama 41,000. Ule "msaada" ulikuwa na bei ya shilingi 22,000, na hakuna mahali kijana aliitaja.

Sisemi kuongeza muda ni vibaya siku zote. Kama ng'ombe mmoja amekauka na hizo 804 haziko, ongeza muda, afadhali hivyo kuliko kukosa malipo na faini juu. Lakini uambiwe bei. Mama Njeri maziwa yalikuwepo, akachagua kulipa zaidi. Siku hiyo ndio alijua kusoma taarifa yake ya mkopo: chukua riba ya mwezi, gawanya kwa deni, zidisha kwa 12. Ukiona namba inazidi ile ya mkataba, uliza.

Sasa tuje kwa safari ya kurudi. Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kushusha. Kima kikateremka mkutano baada ya mkutano, na tarehe 12 Agosti 2025 kikafika 9.5. Rudi juu usome tena. 9.5 ni pale pale alipotia sahihi. Lakini wastani wa riba za mikopo nchini, ambao ulikuwa kama asilimia 13 katikati ya 2023, sasa ulikuwa kama 15. Pointi mbili zilibaki njiani. Mapema 2025 Benki Kuu yenyewe ilikuwa imesema itatuma wakaguzi kwenye benki kwa sababu zilikuwa zinashusha polepole.

Benki zina jibu, na si la uongo lote: mikopo isiyolipwa ilikuwa karibu asilimia 17, na zilikuwa zimeahidi riba kubwa kwa watu walioweka akiba ya muda. Sawa. Lakini mkataba wa Mama Njeri haukusema nyongeza itapanda wengine wakishindwa kulipa. Ulisema kima pamoja na 4.5. Kama kipimo kilitumika kupandisha, kitumike kushusha.

Tena kuna sheria. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinataka kibali cha Waziri wa Fedha kabla benki haijaongeza tozo, na Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Stanbic na Santowels, ilisema riba iko ndani ya hiyo. Sio dawa ya kila kitu, kesi ni pesa na miaka. Ila ni sentensi moja nzuri ya kuweka kwenye barua.

Na barua aliandika. Kufikia Agosti 2025 alikuwa amebakisha malipo 34 na deni la kama 331,500. Kwa asilimia 14 anapaswa kulipa 11,869, yaani 569 chini ya anachokatwa. Mara 34, ni zaidi ya shilingi 19,000 anazodai. Hakuandika "naomba mnihurumie." Aliuliza mambo matatu: kima mnachotumia leo ni kipi, nyongeza yangu ni ngapi, na kama imebadilika, kifungu gani cha mkataba kiliruhusu na kibali kiko wapi. Akapiga fotokopi mbili pale River Road, akapeleka benki, na hakutoka mlangoni hadi nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa.