Acheni Kutuma Barua Moja kwa Watu Mia Tatu

"Mteja mtarajiwa, sisi ni kampuni inayoongoza kwa huduma kamili za usafirishaji kwa bei nafuu." Mwenye mzigo wa parachichi Njombe haimalizi sentensi hiyo. Anaifuta, na ana haki! Kampuni yenye malori matatu inamwongoza nani? Na hizo "huduma kamili" ni za kontena la baridi au za turubai?

Inaniuma, kwa sababu wengi wanaoandika hivyo ni wachapakazi kweli. Wanajiua wenyewe kwa lugha ya matapeli.

Parachichi la Hass husafirishwa kwenye nyuzijoto 5 hadi 7 hivi. Njombe hadi bandari ya Dar es Salaam ni kama kilomita 700. Jenereta ikizima njiani bila mtu kujua, tunda linaanza kuiva ndani ya kontena, na mwenye mzigo anapata habari wiki kadhaa baadaye, mnunuzi wa Ulaya anapoukataa. Hofu yake ni hiyo. Mwandikie kuhusu hiyo:

Mada: Njombe–Dar, malori mawili ya kontena za baridi

"Habari za kazi. Anwani yenu nimeiona kwenye bango la kiwanda chenu cha kufungashia, Makambako. Tuna malori matatu. Mawili yana jenereta za kuendesha kontena la baridi la futi 40. Dereva husoma joto kila baada ya saa mbili na kuwatumia picha ya kipimo. Jenereta ikileta hitilafu, tuna mafundi Iringa na Morogoro. Hatufanyi kazi ya forodha. Mizigo yenu huondoka siku gani? Kama mmeridhika na msafirishaji mliye naye, niambieni, sitaandika tena."

Basi. Hakuna kiambatisho kizito wala picha za malori ya kuazima. Ukieleza anwani umeipata wapi, unamwondolea shaka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na watu wanazidi kuuliza swali hilo. Na ile "hatufanyi forodha" msiifute kwa kuogopa kuonekana wadogo. Ndiyo inayomfanya aamini habari za mafundi. Ila kama huko Iringa hakuna fundi, usimwandike; safari ya kwanza itakuumbua.

Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki, kisha nyamaza.

Wanaong'ang'ania kutuma barua moja kwa mamia wasidhani ni bure. Wapokeaji wakiiripoti kuwa barua taka, mitambo ya barua pepe huanza kuishuku anwani yenu, na hata ankara ya mteja wa zamani huishia kwenye taka. Hapo unasubiri malipo ya ankara ambayo mteja hajaiona.

Mwenye malori matatu hahitaji wateja mia tatu. Hata mizigo yao hawezi kuibeba. Achague watano ambao njia yao anaijua, awaandikie mmoja mmoja.