Mvua Ndefu Si Lazima Iwe Nyingi

Mwalimu mmoja ameandika kwamba wanafunzi wakaririshwe majira kwanza, grafu ije baadaye kuthibitisha: Machi hadi Mei mvua ndefu, ndiyo nyingi, Oktoba hadi Desemba mvua fupi, ndiyo haba.

Ndefu kwa hiyo nyingi! Hoja hii haijawahi kupanda basi la Machakos. Hapa pau ya Novemba kwa kawaida ndiyo inayozipita zote, na mkulima wa Ukambani huitegemea mvua hiyo ya vuli kuliko ya masika. Mtoto aliyekaririshwa ataitazama pau hiyo, kisha aandike "haba". Nimesahihisha madaftari ya namna hiyo.

Mpe grafu isiyo na majina ya majira. Aweke rula juu ya pau, aifuate hadi kwenye mhimili wima, asome milimita. Ndipo aeleze: inapanda Machi, kilele cha kwanza Aprili, inashuka, Juni hadi Septemba karibu hakuna kitu, kisha inapanda tena hadi kilele kikubwa zaidi cha Novemba. Atabisha kwamba Julai kuna mawingu na manyunyu. Vizuri, abishe: mawingu hayajazi kipimamvua.

Eti wastani wa mwezi unatosha? Gawanya milimita 720 za mwaka kwa 12, unapata 60 kila mwezi, na kiangazi kimetoweka.